Onyesho la Tano: Ufunguo wa Shimoni

Kinu chetu cha mpunga kilikuwa cha ushirika, na katika miaka yote ya ushirika tulikuwa na bango moja tu la usalama. Liliandikwa HATARI. Hatari ipi, halikusema, kwa hiyo tulijihadhari na bango lenyewe, na kweli halikuwahi kumdhuru mtu. Kisha zikaja zile siku za ruksa, kila kitu kikawa cha kuuzwa. Ushirika ukashindwa kulipa umeme, kinu kikauzwa, na sisi tuliokuwamo tukaenda nacho pamoja na mapipa na mizani. Mimi nilikuwa karani wa mizani, kwa hiyo nilienda mara mbili.

Tajiri aliyekinunua alitoka mbali na Kyela. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka huku kwetu hupata tabu, kwa sababu tunasalimiana kwanza. Watu wa bima walikuwa wamemwambia hawatakikatia kinu bima mpaka awaonyeshe jinsi anavyomfundisha mfanyakazi mpya asikatwe mkono. Angeweza kuandika maelezo ukurasa mmoja akabandika ukutani chini ya HATARI. Lakini mahali fulani aliwahi kuona kiwanda kinachomkalisha mgeni mbele ya televisheni siku ya kwanza, akaonyeshwa video, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

"Utaandika skripti," aliniambia.

"Mimi?"

"Una mwandiko mzuri. Na Kiswahili chako hakianzii kwenye Kinyakyusa."

Niliyachukua maneno hayo kama sifa. Akanipa masharti yake. Kila onyesho kanuni moja, si mbili. Alisema mtu akiambiwa mambo mawili kwa pamoja hubaki na lile la pili, na nusu yake. Katika yote aliyowahi kuniambia kuhusu kazi, hilo lilikuwa la kweli kabisa, na nimelitumia hata kwa wajukuu.

Mpiga video tulimkodi kutoka Tukuyu. Kazi yake ilikuwa harusi. Alikuja na pikipiki, kamera ya kubeba begani na betri mbili, na kabla hajashusha mzigo akauliza bibi harusi ni nani. Nilimwonyesha mashine. Hakucheka. Aliizunguka akiitazama juu na chini, akasema itahitaji mwanga kutoka ubavuni.

Onyesho la kwanza lilikuwa la nguo: usikaribie mkanda unaozunguka ukiwa na nguo inayoning'inia. Tuliwachukua akina mama wa kuchambua mchele wakafunga khanga zao vizuri, wakachomeka ncha, wakasimama. Mpiga video akawaambia watabasamu na wageuke taratibu kuelekea kwa shangazi wa bwana harusi. Kwa mazoea tu, maskini, maneno yalimtoka yenyewe. Wakageuka. Hadi leo kwenye video ile wanaonekana akina mama sita wakigeuka taratibu, na sauti yangu ikisema kwamba khanga ikinaswa, mkono huifuata.

La pili lilikuwa la kutoruka mkanda wa mota. Tulihitaji mtu wa kuonyesha kosa. Mbeba magunia mmoja alijitolea, akaruka vizuri sana, mashine ikiwa imezimwa. Kesho yake mama yake alikuja kutoka upande wa Ikombe kwa mtumbwi, kisha kwa miguu, kisha kwa lori la mchanga, kuniuliza kwa nini mwanawe ndiye aonyeshwe kama mjinga mbele ya watu ambao bado hawajaajiriwa. Tukaongeza kipande cha mwanawe akizunguka mkanda kwa adabu, mama akaridhika, akaniachia chungu kidogo cha udongo. Kile chungu ninacho.

La tatu lilikuwa la sigara na vumbi la pumba, la nne la kupanga magunia. Yalipita salama. Shida ilikuwa onyesho la tano.

Inafaa nieleze shimo. Mpunga ukishapimwa humwagwa kwenye shimo lililojengwa kwa saruji, kina chake mtu akisimama anazama. Chini yake kuna mkanda mrefu wenye vikombe vya bati, nao huchota mpunga na kuupandisha juu kwenye roli za kukoboa. Sisi tuliuita lifti. Mkulima akileta mpunga mbichi, na wakati wa mvua wote huleta mbichi huku wakiapa kwa watoto wao kwamba umekauka, mpunga huo hushikana na majani, vikombe hukwama, mota hulia. Hapo mashine huzimwa na mtu huingia shimoni kuchokoa kwa mikono. Huyo mtu anakuwa amezama hadi kiunoni katikati ya vikombe vya bati. Mtu mwingine akiwasha wakati ule, hakuna bima.

Aliyekuwa akiingia shimoni alikuwa mwanamke, kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu wanaume walisema shimo lina vumbi. Alikuwa na watoto watatu. Mumewe alikuwa amevuka mpaka kwenda Karonga kuuza sabuni, akawa anavuka kila mara, mwishowe akasahau upande wa kurudia. Mwanamke akabaki kwa wakwe zake na watoto. Ile kazi ya shimoni ndiyo iliyokuwa chumvi, madaftari na dawa ya malaria. Kazi nyingine kinuni ilikuwa ya kuchambua mchele, na akina mama waliokuwa wakichambua walikuwa wameshajaa hadi mlangoni.

Aliyekuwa akiwasha na kuzima mashine alikuwa baba mkwe wake.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa, anaweza kwenda kuchukua chai. Wengine niwaambie. Kwetu mke wa mwana humwogopa baba mkwe. Si woga wa ubaya, ni heshima. Hamtazami, haongei naye, hata kumwita taata, yaani baba, hamwiti, hampi kitu mkononi wala hapokei. Akimwona njiani huchepuka hata kama kando ni matope. Baba mkwe naye hujilinda. Akikaribia mahali mkwe alipo, hukohoa kwanza. Siku hizo wengine walikuwa wameanza kulegeza, hasa wale wa kanisani na wale waliokaa Mbeya wakapanga chumba kimoja. Mzee wetu hakuwa wa kulegeza. Alikuwa ameanza maisha kama mpakaji wa grisi kwenye meli pale Itungi, akaacha vidole viwili kwenye injini, na tangu hapo alishika kila taratibu aliyoikuta, ya mashine na ya nyumbani.

Na kinu kiliendelea vizuri tu. Mzee alikaa juu kwenye jukwaa lake la swichi, mkwe wake alikuwa chini. Lifti ikikwama, mzee alizima, akabaki amesimama mbele ya swichi kama askari wa benki, ameipa mgongo. Yule mwanamke aliingia shimoni. Akitoka, yeyote aliyekuwa karibu alipaza sauti, "Katoka!" na mzee ndipo aligeuka. Wakihitaji kuambiana jambo, waliniambia mimi. "Mwambieni aliye kule kwamba vikombe viwili vimepinda." Wakati huo aliye kule alikuwa hatua chache tu na amesikia kila neno. Nilikuwa nalirudia neno kwa neno, na mzee alilipokea kama habari mpya.

Tajiri alipoona utaratibu ule alishika kichwa.

"Na huyo wa kupaza sauti asipokuwapo?"

"Huwa yupo," nilisema.

"Na asipokuwapo?"

Alikuwa na haki, na mimi mtu akiwa na haki hunikera zaidi. Alifunga swichi mpya yenye tundu la kufuli, akaleta kufuli moja na ufunguo mmoja. Kisha akaandika kwa mkono wake onyesho la tano, kwa maneno aliyoyatoa kwenye kijitabu cha watu wa bima: mwendesha mashine anazima, anafunga kufuli, anamkabidhi ufunguo anayeingia shimoni mkono kwa mkono, wakitazamana usoni. Akitoka, anaurudisha vilevile. Ufunguo ukiwa kwa mwendesha mashine, maana yake shimoni hamna mtu.

Nilimwambia hilo halitawezekana. Nikamweleza sababu. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo siwezi kumnyima.

"Basi aigize mtu mwingine," nikasema. "Nitaingia shimoni mimi."

Alinitazama upana wangu kwa heshima. "Mama karani, sipigi video ya uongo. Atakuja mkaguzi wa viwanda, atawauliza haohao. Anayeweza kufanya kama video inavyoonyesha atafanya kazi shimoni. Asiyeweza, nitatafuta mwingine."

"Ana watoto watatu."

"Ndiyo maana sitaki afie humo."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Ama yule mwanamke apokee ufunguo mkononi mwa baba mkwe wake mbele ya kamera, ama aende nyumbani. Nilimpelekea habari hiyo mimi, akiwa ameketi juu ya gunia tupu akikung'uta pumba kichwani. Alimaliza kukung'uta. Kisha akasema, "Ndaga, mama," akinishukuru kana kwamba nimemletea kitu. Nilitamani anitukane.

Nyumbani kwao likawa shauri. Mama mkwe alisema mwanamke mwenye njaa hana mkwe. Mzee akasema kama ni hivyo ataacha kazi yeye. Mama mkwe akamuuliza akiacha yeye watakula grisi? Mwishowe wakapata njia, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekuja kinuni kuieleza, amejitanda khanga mbili kama anayekwenda kuposa. Mzee atafunga kufuli, ataweka ufunguo juu ya pipa tupu, atatoka nje hadi kwenye banda la pumba. Mkwe atakuja, atachukua ufunguo juu ya pipa, ataingia nao shimoni. Akimaliza ataurudisha juu ya pipa, ataondoka, mzee atarudi. Kati ya mkono na mkono kuna pipa.

Tajiri alifikiri. Akasema pipa si mkono, lakini afadhali. Tutapiga hivyo tuone, na kama watu wa bima wakikataa, basi.

Siku ya kupiga onyesho la tano tuliwatoa watu wote nje, kwa sababu mpiga video alitaka kimya. Alikuwa ameniambia kwamba kikohozi kimoja kwenye harusi hufuata ndoa maisha yote. Akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Mzee akazima mashine, akafunga kufuli, akaweka ufunguo juu ya pipa, akatoka kwenda kwenye banda la pumba. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayejua anatazamwa na watu ambao bado hawajaajiriwa.

Wakati huohuo lori moja lililotoka kupakia mchele likaanza kupiga honi pale nje. Tajiri akatoka mbio kumnyamazisha dereva, na mimi nikamfuata, kwa kuwa dereva alikuwa akidai mzigo wake nimeupunja kwenye mizani. Sikuwa nimeupunja. Tulibishana.

Yaliyotokea ndani tuliyajua baadaye, kidogo kwa mpiga video na kidogo kwa yule mwanamke. Mpiga video alichungulia kwenye kioo cha kamera akaona ufunguo unang'aa kupita kiasi juu ya pipa, unaharibu picha. Akauchukua akautia mfukoni, kama alivyozoea kuchukua chupa za soda mezani kwa maharusi. Kisha akampungia mkono yule mwanamke aingie. Mwanamke akafika kwenye pipa, hakukuta ufunguo. Akatazama swichi, akaiona kufuli imefungwa. Amuulize nani? Mwenye ufunguo ni yule asiyeulizwa. Na yule mgeni alikuwa akimpungia, endelea, endelea. Skripti niliyoiandika upya ilisema: *anaingia shimoni, anachokoa mpaka aitwe na mama karani.* Akavua kandambili, akashuka shimoni, akaanza kuchokoa. Mpunga wa kweli ulikuwamo, na yeye hakuwa mtu wa kuigiza kazi ilhali kazi yenyewe ipo.

Mpiga video hakuipenda picha ile. Akaona bora kuanza upya na mashine inayozunguka, ili watazamaji wasikie inavyonyamaza. Akaiacha kamera pale pale bila kuizima, akatoka kwenda kuchukua betri ya pili kwenye pikipiki. Kuhusu mwanamke aliyekuwa shimoni, alisema baadaye kwamba kwenye harusi mpiga video akiondoka mbele ya kamera, kila mtu huenda kunywa. Hakudhani kuna atakayebaki.

Njiani akakutana na tajiri, akampa ufunguo. "Tunarudia mwanzo. Mzee awashe kwanza."

Tajiri akamwita mzee kutoka bandani. Mimi nilikuwa nimemwacha dereva bado analalamika, nikaingia nyuma yao, nikasimama mlangoni. Nilidhani yule mwanamke yuko nje na wenzake, maana ningejuaje vinginevyo? Tajiri akampa mzee ufunguo.

"Washa, mzee wangu, tupate sauti."

Mzee akaupokea, akautazama. Akaenda kwenye swichi, akafungua kufuli. Akaweka mkono juu ya hendeli, ule mkono wenye vidole vitatu. Kisha akauacha pale.

"Ufunguo huu umetoka wapi?"

"Kwa mpiga video."

"Si kwenye pipa?"

"Mzee, mwanga unaondoka."

"Yule yuko wapi?"

"Yule nani?"

Mzee hakuweza kulitaja jina lake, nalo lilikuwa jina fupi tu. "Yule," akasema tena.

"Wote wako nje," tajiri akasema. "Si tumewatoa sisi wenyewe?"

Hapo ningeweza kwenda kuangalia. Nilikuwa nimeanza kupiga hatua, lakini mzee alikuwa ameshashuka jukwaani. Akaenda hadi mdomoni mwa shimo, akaupa mgongo, akaugeuzia ukuta uso wake. Akaita, na sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia hivyo, maana mzee aliongea na watu kama anavyoongea na mota.

"Mwanangu! Umo humo?"

Kimya.

Tulisubiri. Nje kulikuwa na akina mama wanacheka jambo. Humu ndani hakukuwa na kitu, wala mpunga kuporomoka.

"Umeona?" tajiri akasema kwa upole. "Angekuwamo angeitika. Washa."

Mzee akapanda jukwaani. Mimi nilidhani anakwenda kuwasha, na tajiri naye alidhani hivyo. Akafunga kufuli, akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati, akafunga na kifungo cha mfuko.

"Yumo," akasema.

"Umejuaje, wakati hakujibu?"

"Mtu mwingine yeyote angejibu," mzee akasema. "Huyu hawezi kunijibu. Nikimwita asinijibu, bado sijajua kama yumo au hayumo. Nisipojua, nahesabu yumo, siwashi." Kisha akanigeukia mimi, kama kawaida yetu. "Mwambieni aliye humo atoke. Mimi nakwenda bandani."

Akakohoa, akatoka.

Nilikwenda kwenye shimo. Ningependa kusema nilikwenda kwa utulivu. Nilipofika nikaona kandambili zimepangwa pembeni, moja sambamba na nyingine, nikaketi palepale juu ya saruji. Yule mwanamke alikuwa amejikunja kwenye kona, khanga yote imefunika uso, mikono bado imo katikati ya vikombe vya bati. Hakuwa anajua habari ya ufunguo wala ya hendeli. Alichojua ni kwamba baba mkwe amefika mahali alipo bila kukohoa, na kwamba amemwita, na kwamba hakuna mafundisho yoyote aliyopewa kwao ya namna ya kuitika.

"Toka, mwanangu," nilisema, nikaanza kulia. Sikulia kwa adabu. Tajiri alisimama pale akitazama kandambili zile, na rangi ya uso wake ilikuwa ya chenga za mchele. Kisha akaenda nje, tukamsikia akitapika nyuma ya lori la yule dereva, ambaye alidhani ni mbinu mpya ya kumkwepa.

Kwa siku kadhaa hakuna aliyetaja video. Mpiga video alirudi Tukuyu, akaja tena, akaleta keki ya harusi ya watu wengine, akaiweka juu ya mizani yangu. Kisha tajiri akaniita tukae na skripti. Alikuwa mpole kuliko nilivyomzoea, hata akanisalimia kwanza.

"Tatizo ni kukabidhiana," alisema. "Mkono kwa mkono, pipa, vyote. Ufunguo ukipita kwa watu, una njia ya kupotea."

"Basi usipite kwa mtu," nikasema. Sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na hasira tu na sikutaka tena kusikia habari za pipa.

Akanitazama. Tundu la swichi lilikuwa pana, lilitosha kufuli mbili. Kesho yake akanunua kufuli ya pili sokoni, akampa yule mwanamke pamoja na ufunguo wake, ufunguo ambao hauna mwenzake. Mzee anazima na kufunga kufuli yake, anakohoa, anaondoka. Mwanamke anakuja, anafunga ya kwake palepale, ufunguo anautundika shingoni kwa uzi, anaingia nao shimoni. Akitoka anafungua ya kwake. Mzee hata akitaka, hata tajiri akimwamuru, hata rais akija, haiwashiki mpaka mwenye shingo ile atoke. Hakuna aliyempa mwenzake kitu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Watu wa bima walipoiona video, walisema hivyo ndivyo inavyotakiwa hasa, na wakauliza tumesomea wapi.

Tukapiga upya. Onyesho la tano: *anayeingia ndiye anayefunga, na ufunguo unaingia naye.* Na kwa kuwa kila onyesho ni kanuni moja, tukaongeza la sita: *ukiita usijibiwe, usiwashe, kimya si ruhusa, nenda ukaangalie.* Hilo la sita mzee aliliigiza mwenyewe, akiita kwenye shimo tupu, na aliyewekwa pembeni ya shimo kuchungulia ndani nilikuwa mimi. Mpiga video akatia maua ya waridi yanayochanua kati ya kila onyesho na jingine. Tulimwomba ayatoe. Alisema yamo ndani ya kamera.

Yule mwanamke alibaki kazini. Watoto wakaendelea na shule. Nyumbani kwao walibishana siku nyingi kama mzee amevunja mwiko kwa kumwita, na mama mkwe akalimaliza kwa kuchinja kuku, akisema kama kuna aliyekosewa ajitokeze ale paja. Mzee akarudi kuwa alivyokuwa. Alikohoa, akanituma, na sikusikia tena ile sauti.

Siku moja, kinu kikiwa kimefungwa kwa kukosa umeme wa kutosha mota, taa tu zikiwaka, yule mwanamke alikuja ofisini. Alisimama mlangoni akikunja ncha ya khanga.

"Mama, ile kamera iliyoachwa siku ile. Ilikuwa inachukua?"

"Ilichukua."

"Yote?"

"Mpaka betri ilipokwisha."

Akakunja khanga tena. "Miaka tisa nipo nyumbani kwake," alisema. "Watoto anawaita, mbuzi anawaita. Mimi sikuwahi kujua ananiitaje."

Nilitafuta ile kanda ya kwanza ambayo hatukuitumia, nikaitia kwenye deki na televisheni zilizokuwa ofisini kwa ajili ya wafanyakazi wapya. Mzee alikuwa ameshakwenda nyumbani, hata hivyo nikafunga mlango. Kabla sijabonyeza, akanizuia mkono.

"Sauti ya kwenye video nayo tunaiogopa?"

"Sijui," nikamwambia. "Sidhani kama wazee walishalijadili."

Akafikiri, akajitanda khanga hadi usoni kwa tahadhari, akaketi sakafuni, televisheni ameipa ubavu. Nikabonyeza. Likaonekana pipa tupu, na ukuta, na mgongo wa mzee ukiingia kwenye picha. Honi ya lori. Kisha sauti ikasema, "Mwanangu! Umo humo?" na baada yake kile kimya chote, kirefu kuliko nilivyokikumbuka, na kamera haitazami kitu.

Chini ya khanga, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu, akaitika.

"Nimo, taata."

Akaniomba nirudishe nyuma, nikarudisha.